Ukienda laivu kuuza kozi, taja bei mapema

Bila shaka umeiona hii. Mtu anafungua laivu ya maswali na majibu kuhusu kozi yake, anasimulia safari yake ya maisha dakika arobaini, na kila anayeuliza bei anaambiwa, "Njoo inboksi." Mwishowe anashukuru watu kwa mioyo na maua waliyomtumia, anazima simu, na kesho yake hakuna aliyelipa hata ndururu.

Mimi nasema hivi: laivu kama hiyo huharibika siku kadhaa kabla ya kuanza, pale unapoketi kupanga utakachosema badala ya kutafuta kinachomzuia mtu kujisajili.

Tuseme unafunza kuoka keki kule Umoja. Kozi ni ya Jumamosi sita, ada Sh6,000, nafasi kumi. Laivu umeiweka Alhamisi saa mbili usiku, watu wakiwa wametoka kazini. Basi kuanzia Jumamosi iliyotangulia, weka swali kwenye 'status' yako ya WhatsApp. Usiulize, "Mna maswali?" Uliza, "Ungependa kujua kuoka? Nini kinakuzuia?"

Hapo utapata majibu ya kweli. Mmoja hana oveni. Mwingine hufanya kazi Jumamosi asubuhi. Wa tatu alishawahi kutapeliwa na kozi ya mtandaoni. Wa nne anataka kujua akikosa darasa moja itakuwaje. Chagua manane yanayojirudia na uyaandike kwenye karatasi. Ukilipa kila moja dakika tatu, hizo ni dakika 24. Ongeza dakika tano za kujitambulisha na kumi na tano za wanaouliza papo hapo, umepata kikao cha dakika kama 45 hivi. Inatosha.

Sasa mpangilio. Swali la bei liwe la pili au la tatu, si la mwisho. Najua utasema bei itafukuza watu. Itawafukuza kweli, lakini ni wale ambao wangeondoka tu hata ukiwaficha, tena wakiwa wamemaliza bando wakikusubiri. Watakaobaki wataanza kuuliza mambo mengine: "Naweza kulipa mara mbili?" Anayeuliza hivyo ameshaanza kununua, kwa hivyo uwe na jibu kabla ya siku hiyo. Kwa mfano, Sh2,000 za kushika nafasi, kisha Sh4,000 kabla ya darasa la tatu.

Na yule wa "mbona ghali hivyo?" usimkasirikie, wala usimfungie. Mpigie hesabu mbele ya watu. Kila darasa ni Sh1,000. Kama Sh550 huenda kwa unga, siagi, mayai na gesi, na mwanafunzi anarudi nyumbani na keki yake, sema hivyo. Zinazobaki Sh450 ni kazi yako. Wengi wanaotazama kimya walikuwa na swali hilo hilo.

Usiendeshe laivu peke yako. Tafuta rafiki mmoja akae na simu ya pili. Atasoma maoni, atayaandika yasipotee, na atakuambia sauti ikikatika, kwa sababu wewe kwenye simu yako huwezi kujisikia. Kila baada ya dakika kumi mkumbushe aliyeingia sasa hivi wewe ni nani, unafunza nini na kwa bei gani. Zima simu zinazoingia pia. Mtu akikupigia katikati, laivu inaweza kukatika.

Jambo moja silikubali kabisa: kupanga marafiki wajifanye wanafunzi wa zamani, au kudai zimebaki nafasi mbili wakati hakuna hata mmoja aliyejisajili. Kusoma swali ulilotumiwa mapema si kosa, mradi useme lilitumwa mapema. Lakini kuna mtu pale ambaye hizo Sh6,000 ndizo akiba yake yote. Ukimdanganya, si kozi tu umemuuzia. Umemfunza asimwamini hasla mwingine tena.

Laivu ikiisha, usihesabu mioyo. Hesabu waliolipa ndani ya siku mbili, kisha rudia ile orodha ya rafiki yako. Wakilipa watatu, na tisa wengine waliuliza kuhusu Jumapili, tatizo lako si bei wala matangazo. Ni ratiba. Fungua darasa la Jumapili alasiri, uwaandikie hao tisa mmoja mmoja, kabla hujatangaza laivu nyingine.