Haipa na Haipo Zikae Kadi Moja

Dada yangu yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi. Likizo iliyopita alikuja nyumbani na rundo la kadi. Kila kadi ina kipande cha neno la kitabibu: kiambishi awali, mzizi au kiambishi tamati. Kumbe ni ile kazi yetu ya kuchanganua "hatukumwona" darasani!

Akatoa neno "haipoglaisemia". Haipo ni pungufu, glais ni sukari, emia ni hali ya damu. Yaani sukari ya damu imeshuka, chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Lakini "haipa" ni kupita kiasi. Irabu moja tu, na maana imekuwa kinyume! Mgonjwa anayetetemeka na kutokwa jasho kwa sababu sukari imeshuka hupewa sukari upesi. Akidungwa insulini kwa kosa hilo, anaweza kufa.

Ndiyo maana napinga kuzitenga hizo mbili. Ziandikwe kadi moja, ana kwa ana. Sisi Waswahili tuna bahati, kwani "haipo" inajieleza yenyewe. Ila tahadhari: sukari ipo, imepungua tu. Hata "anemia", ukiipasua, ni "bila damu", ilhali mgonjwa ana damu. Kilichopungua ni himoglobini. Basi nyuma ya kila kadi iandikwe maana ya neno zima. Vipande hulifungua neno, lakini havilimalizi.