Karatasi ya Karo Si Bili Moja, Ni Tatu

Wasee, kama wewe ndiye kifungua mimba kwenu, hii kazi unaijua. Karatasi ya karo ya mdogo wako ikifika, mathe haisomi. Anaipiga picha, anakutumia kwa WhatsApp, halafu anauliza swali moja tu: "Ni ngapi?" Nawe unashuka hadi chini kabisa, unaona jumla, unajibu.

Maoni yangu ni kwamba hiyo jumla ya chini ndiyo namba mbaya zaidi kwenye hiyo karatasi. Si ati ni ya uongo. Shida ni kwamba imejumlisha vitu vitatu ambavyo havifai kukaa pamoja: karo iliyopangwa na serikali, michango ambayo shule imeongeza, na vitu vya hiari. Mzazi akishaona namba moja, anadhani yote ni lazima. Anaenda kukopa chama ili alipe hata kile angeweza kukataa.

Tuchukue mfano. Nimeuunda mwenyewe kutokana na karatasi ambazo nimesomea watu mtaani, kwa hivyo usitafute ni shule gani. Mtoto ameitwa shule ya bweni ya kitaifa, muhula wa kwanza. Karatasi inasema jumla ni 47,777. Sasa tuipasue.

Sehemu ya kwanza ni karo yenyewe. Kwa shule za bweni za kitaifa, kiwango ambacho wizara imekuwa ikitumia ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa shule nyingi za bweni za chini ya hapo ni 40,535. Hizo hazilipwi sawasawa kila muhula. Mgao ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Kwa hivyo nusu ya 53,554 ni 26,777. Hapo kwenye karatasi utaona imegawanywa mistari mingi: chakula na malazi, ukarabati, umeme na maji, mishahara ya wafanyakazi, usafiri, michezo. Usiogope hiyo mistari. Jumlisha tu, uone kama inafika 26,777 ama imepita. Ikipita hata kwa mia tano, hapo umepata swali lako la kwanza.

Kutoka 26,777 hadi 47,777 kuna 21,000. Hizo ndizo zinafaa kukukosesha usingizi.

Elfu tisa kati yake zimeandikwa kama michango ya chama cha wazazi: basi la shule 2,000, motisha ya walimu 1,500, masomo ya ziada 2,500, bweni jipya 3,000. Hapa ndipo watu wengi hunyamaza, kwa sababu karatasi inasema "imekubaliwa na wazazi." Sawa, lakini wazazi kukubaliana kwenye mkutano ni hatua ya kwanza tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakipa chama cha wazazi kazi ya kujadili na kupendekeza michango. Kupendekeza. Kuidhinisha ni kwa Waziri wa Elimu akishauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti. Kifungu cha 29 kinaongeza mambo mawili ambayo kila mzazi angepaswa kuyajua kama nambari yake ya simu: mtoto hafai kukatazwa kuingia shuleni kwa sababu hajalipa michango kama hiyo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuikusanya bila kutoa risiti rasmi.

Kwa hivyo swali si "mbona mnatuibia?" Ukianza hivyo mhasibu atafunga dirisha, na mtoto wenu ndiye atabaki huko ndani na walimu. Swali ni la upole kabisa: "Mwalimu, naomba kuona barua ya idhini ya huu mchango wa bweni." Kama ipo, lipa, mko sawa. Kama haipo, hujakataa chochote, umesema tu unangojea barua. Masomo ya ziada nayo uliza yanafanyika lini. Yakiwa ya likizo, kifungu cha 37 cha sheria hiyo hiyo kimepiga marufuku tuisheni ya likizo, na adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi laki moja ama kifungo cha mwaka mmoja.

Elfu kumi na moja nyingine ni vitu: sare 9,800, picha na kitambulisho 700, jarida la shule 500. Sare mtoto lazima awe nayo, hilo halina mjadala. Kitu ambacho si lazima ni kuinunua kwa stoo ya shule. Wizara imewaonya walimu wakuu mara nyingi wasilazimishe wazazi kununua kwa duka moja. Bado shule inaiweka hiyo 9,800 katikati ya bili kana kwamba ni karo, ndiyo usipate nafasi ya kuuliza bei kwa fundi wa mtaani ama kumvisha sweta ya binamu yake aliyemaliza. Jarida nalo ni la hiari wazi wazi. Tafuta neno la "hiari" kwa maandishi madogo, mara nyingi lipo, limejificha chini ya nambari ya akaunti ya benki.

Elfu moja iliyobaki ni pesa ya tahadhari, ile watu huita kosheni. Nitarudi kwake.

Kwanza niseme kitu kuhusu shule, maana si haki kuzichora kama majambazi. Serikali imeahidi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka. Mwaka wa 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kinachotumwa ni karibu 16,900, na hata hizo hufika zimechelewa. Mwalimu mkuu ana deni la mahindi na maharagwe, na mwenye lori hataki kusikia habari za Hazina Kuu. Naelewa. Lakini pengo la serikali halizibwi kwa kumficha mzazi ni gani ya lazima na ni gani ya ombi. Kama ni ombi, sema ni ombi. Wazazi wa nchi hii wanachanga kwa harambee za watu hata hawawajui.

Sasa sikiliza sehemu ambayo huumiza zaidi, na haijaandikwa popote kwenye karatasi. Mathe anaenda benki na 30,000. Kwa akili yake amelipa karo, amebakisha kidogo. Ofisini, ile pesa inagawanywa vile shule inataka. Michango inakatwa kwanza, sare inakatwa, halafu kinachobaki ndicho kinaingia kwa karo. Wiki ya nne mtoto anarudishwa nyumbani na kikaratasi: "Deni la karo 17,777." Manze, hilo si deni la karo. Piga hesabu yako: 26,777 ya karo na 1,000 ya tahadhari ni 27,777. Mathe alileta 30,000. Karo imelipwa yote na kuna 2,223 za ziada. Mtoto amefukuzwa kwa sababu ya basi, bweni na sweta, vikiwa vimevaa jina la karo.

Dawa yake ni ya bei ya kalamu. Siku unayolipa, peleka stakabadhi ya benki kwa mhasibu na useme pesa hii ni ya nini, kisha uombe risiti inayoonyesha kila mstari umepata ngapi. Risiti ya "karo, 30,000" haikusaidii kesho. Wakiandika tofauti na ulivyosema, omba irekebishwe hapo hapo, kabla hujapanda matatu. Ikishindikana kabisa, ofisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti ipo, na hiyo risiti ndiyo utaenda nayo.

Kuhusu kurudishiwa pesa. Karo ya muhula ambao mtoto ameshaanza, usiihesabu. Karatasi nyingi husema hairudishwi, na chakula kweli kimeliwa. Ukilipa zaidi, ziada huhamishwa muhula unaofuata. Hiyo ni sawa hadi muhula wa mwisho, kwa sababu baada ya hapo hakuna mahali pa kuihamisha. Hapo lazima uiombe kwa barua. Basari usiichanganye na hii: hundi yake imeandikwa jina la shule, si lako.

Shule za kibinafsi ni mchezo mwingine. Huko kanuni ya pesa kurudi ni mkataba uliotia sahihi, na nyingi zinataka taarifa ya muhula mzima kwa maandishi kabla ya kumtoa mtoto. Ukimtoa ghafla wanaweza kukudai karo ya muhula ambao hata hatakalia dawati.

Na tahadhari? Hiyo ni yenu. Shule imeishika tu, ikatwe mtoto akivunja kioo ama akipoteza kitabu. Akimaliza anapewa fomu ya kuondoka, inasainiwa maktaba, maabara, bwenini na stoo, halafu pesa inatoka. Lakini haitoki yenyewe. Mimi nilipoacha chuo nilitembeza fomu kama hiyo siku mbili, na kitu cha kwanza mhasibu aliuliza ni risiti ya siku niliyojiunga. Nilikuwa nayo. Jamaa aliyekuwa nyuma yangu hakuwa nayo, akaambiwa arudi wiki ijayo. Miaka ya sekondari ni mirefu kwa karatasi ndogo kama hiyo.

Shule ina walimu wa Kiswahili wazima na haiwezi kuambatisha ukurasa mmoja wa kueleza haya. Basi hadi siku itaweza, andika wewe. Hivi ndivyo ningemtumia mathe kwa ule mfano wetu:

"Mathe, karo ya muhula huu ni 26,777. Hiyo ni lazima, tuianze. Ongeza 1,000 ya tahadhari, hiyo itarudi akimaliza. Basi, motisha, masomo ya ziada na bweni ni 9,000. Usilipe kwanza, tuombe barua ya idhini, na hawawezi kumfukuza kwa sababu ya hizo. Sare usilipe shuleni, Jumamosi tuulize bei kwa fundi. Jarida achana nalo. Kwa hivyo benki peleka 27,777, si 47,777. Mwambie mhasibu aandike kila kitu kwa mstari wake. Risiti iweke kwa ile bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, nitaipiga picha nikija."