Bei Ikichafuka, Oda Ipungue?

Mnunuzi wa mbaazi anayezunguka Kilosa hadi Mikumi kwa fedha za mkopo hujiuliza jambo lile lile kila wiki: nichukue magunia mangapi? Wengi hujibu kwa kuangalia fedha iliyopo mkononi. Ipo njia nyingine, iliyozoeleka kwa wanaofanya biashara ya hisa na fedha za kigeni: ukubwa wa oda ufuate utulivu wa bei. Bei ikichafuka, oda inapungua yenyewe. Je, SACCOS na benki zinazokopesha wanunuzi wa mazao ziifanye sharti la mkopo? Mimi naona zifanye hivyo, ila kanuni hii ina mahali inapodanganya na mahali inapomuumiza mkulima.

Tuchukue mfano. Mnunuzi ana mtaji wa shilingi milioni 40, na amejiwekea kwamba thamani ya mzigo wake isiyumbe zaidi ya shilingi 1,200,000 katika wiki ya kawaida. Kwa wiki sita bei imekuwa ikipanda asilimia 3, kisha ikishuka asilimia 3. Gawanya 1,200,000 kwa asilimia 3, unapata milioni 40, kwa hiyo anunue kwa mtaji wote. Bei ikianza kupanda na kushuka kwa asilimia 6, hesabu ile ile inampa milioni 20. Kwa bei ya shilingi 1,500 kwa kilo, amerudi kutoka tani 26 na ushee hadi tani 13 na ushee. Hakuna aliyemshauri, wala hakungoja kuogopa. Kwa mtu anayedaiwa marejesho kila mwezi, hiyo ni kinga ya kweli, kwa sababu kinachomfilisi mara nyingi ni kubeba mzigo mkubwa katika wiki mbaya.

Ubaya huanzia kwenye namna ya kupima. Wengi wataandika STDEV kwenye jedwali la simu na kuamini kazi imekwisha. Sasa bei ishuke asilimia 4, wiki inayofuata 5, kisha 4, kisha 5, hivyo hivyo kwa wiki sita. Mzigo umepoteza karibu robo ya thamani, lakini STDEV inatoa kama asilimia 0.5 tu, kwa kuwa inapima umbali kutoka kwenye wastani, na wastani wenyewe unaporomoka. Kanuni itamwambia anunue kwa mtaji wote wakati soko linazama. Dawa ni kupima kuanzia sifuri, mabadiliko ya bei ya wiki sita yakiwa yameandikwa kwa asilimia kwenye B2 hadi B7:

```
=MIN(40000000, 1200000/SQRT(SUMSQ(B2:B7)/6))
```

Kwa wiki zile zile, kipimo hiki kinatoa asilimia 4.5, na oda inashuka hadi takriban milioni 26.5. Afisa mikopo anayetaka kujua kama mteja anaielewa kanuni yake amwombe aijaribu kwa bei zinazoshuka taratibu.

Hata bei ikipimwa vizuri, kanuni inatazama nyuma tu. Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kuingizwa nchini humo, na bei ya mkulima wa Tanzania ikaanguka vibaya. Amri ya serikali si lazima itanguliwe na mtikisiko wa bei. Aliyejaza ghala siku ile, kanuni ingempunguzia oda iliyofuata, lakini mzigo uliokwisha kununuliwa ungebaki wake. Kwa hiyo mkopeshaji aweke pia ukomo usiovukwa hata bei ikiwa shwari kabisa.

Linalonisumbua zaidi ni mkulima. Mnunuzi mmoja akipunguza oda nusu, soko halitambui. Wote wakitumia dirisha la wiki sita na kipimo kimoja, watapunguza siku moja. Mnadani mbaazi za stakabadhi ghalani zitakuta fedha nusu, bei itashuka, mshuko huo utaingia kwenye jedwali la kila mnunuzi, na oda ya wiki inayofuata itapungua tena. New York waliliona hili tarehe 19 Oktoba 1987: programu zilizouza hisa kila bei iliposhuka zilichangia kuzishusha zaidi, na faharisi ya Dow Jones ikapoteza asilimia 22.6 kwa siku moja.

Ndiyo maana sharti hili lisiandikwe kwa namba zinazofanana. Mkopeshaji amtake kila mnunuzi awe na kanuni, amwachie achague dirisha la wiki sita, kumi na mbili au ishirini, na aruhusu oda isishuke chini ya kiwango fulani, tuseme robo ya mtaji. AMCOS nao wasipeleke mzigo wote kwenye mnada mmoja wiki ambayo wanunuzi wamejibana. Mbaazi kavu, zikitunzwa zisipate fukusi, zinaweza kungoja mnada unaofuata. Anayeshindwa kungoja ni mkulima mwenye ada ya shule, na huyo anahitaji malipo ya awali kwa dhamana ya stakabadhi yake, yapangwe kabla msimu haujaanza.