Barua ya kukaribisha mteja mpya wa salo



Wiki hii ukurasa wetu tunaupa wamama wanaosuka, wale wenye salo yenye kioo na mlango na wale wanaosuka uani chini ya mwembe. Wengi wao wanashinda vizuri kwa kazi ya mikono, lakini wanagombana na wateja juu ya mambo matatu: kuchelewa, avansi, na matunzo ya kichwa baada ya kusuka. Mara nyingi si kwamba mteja ana roho mbaya. Hakuna mtu aliyemwambia kanuni kabla ya kukaa kitini, na kanuni ambayo mtu anaisikia siku ya makosa inamwingia kama tusi.

Tumeandika hapa chini barua moja ya kumpa mteja mpya siku ile anapokuja kutafuta randevu. Ni ya salo ndogo yenye msusi mmoja na msaidizi. Bei ni za mfano. Kila mama ataweka zake. Baada ya barua tutaeleza sababu ya kila kanuni, maana kanuni isiyo na sababu haidumu.

*Mama mpendwa, karibu kwetu.*

*Tunashukuru umetuchagua. Ili kichwa chako kitoke kizuri na mteja mwenzako asiteseke, tunapatana hivi.*

*Saa. Randevu yako ni siku ya posho, saa mbili ya asubuhi, ndiyo 8:00 kwenye telefone. Ukichelewa dakika 15, hakuna neno. Ukipita hapo, tupigie telefone. Ukipita dakika 30, tutakuuliza uchague: tresi kubwa zaidi zinazoisha kwa saa yako, au siku nyingine. Na sisi tukikukalisha zaidi ya dakika 30 bila kuanza, tutakupunguzia 3 000 franga kwenye bei ya kazi.*

*Avansi. Kazi ni 24 000 franga na paketi nne za meshi ni 12 000, jumla 36 000. Avansi ni bei ya meshi, 12 000. Inahesabiwa ndani ya jumla, kwa hiyo siku ya kazi utabakiza 24 000. Ukitaka kubadili siku, tuambie kabla ya saa kumi na mbili ya jioni ya siku iliyotangulia: avansi inakufuata kwa randevu mpya, mara moja, ndani ya wiki mbili. Ukiacha kabisa na meshi imekwisha kununuliwa, franga hazirudi lakini meshi ni yako, uje uichukue. Ukileta meshi yako mwenyewe, avansi ni 5 000. Inarudi ukituambia kabla ya saa ile ile ya jioni, na ikipita inabaki kwa msusi.*

*Matunzo. Usiondoke kitini bila kuandikiwa siku tatu kwenye kikarata chako. Ndani ya siku tatu za kwanza, ukisikia maumivu, rudi tulegeze: bila kulipa, bila randevu. Wiki ya pili au ya tatu, kuoshwa ngozi ya kichwa: 5 000. Wiki ya sita, kufumua: 6 000. Kwa hizi hatuombi avansi.*

*Tunakungoja kwa furaha.*

Sasa tuangalie sababu.

Kwanza saa. Katika miji yetu watu wanahesabu saa kwa namna mbili. Mama mmoja akisikia «saa nane» anafahamu saa nane ya mchana. Kijana wake aliyezoea hesabu ya Kifaransa anafahamu asubuhi, saa mbili. Wote wawili ni wakweli, na mmoja atakuja wakati wa mwingine. Ndiyo maana barua inaandika saa mara mbili, kwa Kiswahili na kama inavyosomwa kwenye telefone. Mstari huo peke yake unaondoa ugomvi mwingi.

Dakika 30 nazo hazikutoka hewani. Tuchukue siku moja ya salo hiyo. Mteja wa kwanza ana tresi ndogo za masaa matano: anaanza saa mbili, anamaliza saa saba. Msusi anakula na kufagia nusu saa. Mteja wa pili anaanza saa saba na nusu, tresi za kadiri za masaa matatu, anamaliza saa kumi na nusu. Mteja wa tatu anaoshwa tu, saa moja, na anafika kwake jua likiwa bado.

Mteja wa kwanza akichelewa nusu saa, anakula chakula cha msusi, lakini wengine wanabaki salama. Nafasi yote iliyokuwa katikati imekwisha, na kila dakika inayozidi hapo inachukuliwa kwa mtu mwingine. Tuseme amefika saa tatu na dakika kumi, na msusi akaona haya kumkatalia. Atamaliza saa nane na dakika kumi. Msusi akipata nusu saa yake, wa pili ataanza saa nane na dakika arobaini na kumaliza saa kumi na moja na dakika arobaini. Wa tatu, aliyefika kwa saa yake, atatoka saa kumi na mbili na dakika arobaini, giza limeingia, na hana kosa lolote. Mama wa tatu hatagomba. Hatarudi tu.

Kwa barua, mambo yanakwenda hivi. Mteja aliyefika saa tatu na dakika kumi anaulizwa: siku nyingine, au tresi kubwa zaidi za masaa matatu na nusu? Akichagua tresi kubwa, anamaliza saa saba kasoro dakika ishirini, na wa pili haguswi. Kazi hiyo ni 16 000, si 24 000. Meshi zilinunuliwa paketi nne, zimetumika tatu. Ya nne anaibeba nyumbani kwa sababu ameilipa. Hesabu: 16 000 na 12 000 ni 28 000, toa avansi 12 000, anabakiza 16 000. Hakuna faini mahali popote, na hakuna aliyeibiwa.

Hapo tunafika kwenye avansi. Wasusi wengi wanataja nusu ya bei kwa sababu wamesikia wengine wakisema hivyo. Mteja anauliza «nusu ya nini?», na jibu halipo. Tunashauri avansi iwe sawa na kile ambacho msusi atapoteza kweli mteja asipokuja. Meshi ya rangi nyekundu iliyonunuliwa kwa ajili ya mtu mmoja inaweza kukaa miezi bila mnunuzi. Hasara ni bei ya meshi, basi avansi ni bei ya meshi. Ukisema hivyo kila mama anafahamu. Na kwa kuwa meshi inabaki yake hata akiacha, hawezi kusema umekula franga zake.

Avansi inahitaji karatasi. Andika mara mbili, moja ya mteja na moja ya daftari: tarehe, jina, franga ngapi, kwa kazi gani, siku na saa ya randevu, kisha wote wawili mtie sahihi. Akituma kwa telefone, atume kwenye namba iliyotajwa ndani ya barua, wala si ya msaidizi, na ujumbe usifutwe mpaka kazi iishe. Sheria yetu ya mapatano, ile ya tarehe 30 Julai 1888, inasema kwenye kifungu cha 33 kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni kama sheria kwa wale waliopatana. Lakini ni lazima yaonekane kwamba mlipatana, na kipande cha daftari kinaonyesha hilo kuliko mashahidi wanne wa uani.

La tatu ni matunzo, na hapa kuna kitu kikubwa kuliko franga. Tresi zilizobanwa sana zinavuta nywele kwenye mizizi, hasa mbele ya paji na juu ya masikio. Dalili zinaonekana mapema: ngozi imeinuliwa kama hema dogo pale tresi inapoanza, vipele vidogo vinatokea, mtu hawezi kulala ubavu, na mtoto darasani anashika kichwa badala ya kalamu. Wengi wanasema «itazoea». Kweli maumivu yanapungua baada ya siku chache, lakini mzizi umekwisha kuumia. Ukilegeza mapema, nywele zinaota tena. Ukirudia kuvuta mwaka baada ya mwaka, mzizi unageuka kovu, na nywele za mbele hazirudi tena kwa mafuta yoyote.

Ndiyo maana kulegeza ndani ya siku tatu ni bure na hakuna randevu. Mama akijua atalipa, atavumilia. Msusi anapoteza dakika kumi za kufungua tresi sita za mbele, na anaokoa kichwa na mteja. Ila vipele vikitoa usaha, au kichwa kikivimba na homa ikaingia, salo imefikia mwisho wake: fumueni tresi za mahali hapo na mama aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuosha kwa wiki ya pili au ya tatu ni kwa ngozi. Shampuu inachanganywa na maji ndani ya chupa, inamiminwa katikati ya mistari, inasuguliwa kwa ncha za vidole, inaoshwa mpaka maji yatoke safi. Kisha tresi zikauke kabisa kabla ya kufunga kitambaa. Zikifungwa mbichi zinanuka na ngozi inawasha.

Wiki ya sita ni ya kufumua. Nywele zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi. Kwa wiki sita, sentimita moja na nusu ya nywele ambazo hazikusukwa ndiyo inayobeba uzito wote wa meshi. Pia nywele zinazodondoka kila siku hazina njia ya kutoka; zinajikunja pale chini pamoja na vumbi na mafuta. Ukipita wiki ya nane, vinakuwa fundo, na chanuo likipita linavunja hata zilizo nzima. Mama anasema meshi ndizo zimemwondolea nywele, kumbe ni wiki nne za kuchelewa kufumua.

Kikarata chaandikwa mteja akiwa bado kitini, kabla hajalipa na kusimama. Akishavaa viatu, atasema «nitapiga telefone», na wiki ya kumi atakuja na mafundo.

Mama asiyejua kusoma asomewe barua kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani kwake, na arudilie mwenyewe mambo matatu: saa, avansi, siku za kikarata. Akiyarudilia vizuri, mwandikieni randevu.