Juu ya Kuuliza Bei kwa Wauzaji Watatu

Imekuwa desturi katika ofisi nyingi kwamba kitu cha thamani ya kadiri hakinunuliwi mpaka karani amepata bei za wauzaji watatu. Desturi hiyo twaikubali. Tusiyoikubali ni fikira iliyoenea miongoni mwetu ya kwamba karatasi tatu zikisha kutiwa katika jalada, basi wauzaji wamekwisha kulinganishwa. Kwa maoni yetu bei tatu haziwezi kulinganishwa ila zimejibu swali moja, na swali hilo huandikwa na karani kabla muuzaji hajashika kalamu.

Na tutwae mfano wa mabati ya kuezekea ukumbi, kwa kuwa ni kitu ambacho kila mtu hudhani anakijua. Zatakiwa bati 100 za mita 3. Karani ampigia simu muuzaji wa kwanza, amwandikia wa pili barua fupi, na wa tatu amwendea dukani mwenyewe. Wote watatu wawaambia bei, nazo twazitunga hapa kwa ajili ya mfano tu. Wa kwanza asema shilingi 31,500 kwa bati. Wa pili asema 38,000. Wa tatu asema 29,000. Karani apanga safu tatu, apiga mstari chini ya iliyo ndogo, apeleka kwa Bwana Mkubwa kutiwa sahihi.

Sasa tuzitazame vizuri. Bei ya muuzaji wa kwanza haina kodi ya ongezeko la thamani, wala haina gharama ya kuchukua mizigo. Bati 100 ni shilingi 3,150,000. Kodi ya asilimia 18, kama ilivyo kawaida Tanzania Bara, ni 567,000, na tuseme gari la kuyaleta ni 150,000. Jumla ni shilingi 3,867,000. Muuzaji wa pili, aliyeonekana ghali kuliko wote, ametia kodi na gari ndani ya bei yake, basi jumla yake ni 3,800,000. Kumbe yeye ni nafuu kuliko wa kwanza kwa shilingi 67,000. Na huyu wa tatu, mwenye jumla ya 2,900,000 pamoja na kodi na gari? Yeye ametaja bati za geji 30, na wenzake wametaja geji 28. Hakukosa neno, kwa maana hakuna aliyemwambia geji gani yatakiwa.

Juu ya geji hapana budi tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopotea. Geji ni nambari ya unene, na nambari ikizidi, unene hupungua. Kwa kipimo cha Kiingereza geji 28 ni milimita 0.376, na geji 30 ni milimita 0.315. Lakini Wamarekani wana kipimo chao cha bati lililopakwa zinki, na kwa kipimo hicho geji 30 ni karibu milimita 0.4, yaani ni nene kuliko geji 28 ya Waingereza! Tena wako wapimao chuma kitupu, na wako wapimao chuma pamoja na zinki na rangi. Kwa hiyo karani aandikaye “geji 28” peke yake ameacha mlango wazi, na muuzaji mwerevu atauingia pasipo kusema uwongo hata mmoja. Yafaa kuandika milimita, na kueleza kama ni unene wa chuma kabla ya kupakwa au baada yake.

Upana nao una hila yake. Mabati hupandana yakiezekwa, na upana ufunikao paa ni mdogo kuliko upana wa bati likiwa chini. Wauzaji wawili wakiwa na migongo ya namna mbalimbali, bati 100 za mmoja huenda zisifunike paa lile lile lifunikwalo na bati 100 za mwenzake. Ni heri kutaja ukubwa wa paa kwa mita za mraba, na kila muuzaji aseme mwenyewe itahitajiwa idadi gani ya mabati yake.

Barua yenyewe haina haja ya kuwa ndefu. Tungeiandika hivi: “Twaomba utupe bei ya mabati ya migongo yaliyopakwa zinki, urefu mita 3, unene wa chuma kabla ya kupakwa usiopungua milimita 0.37, ya kutosha kufunika paa la mita za mraba 240. Taja idadi ya mabati, bei ya bati moja, kodi mbali, na gharama ya kuyafikisha kwenye kiwanja chetu mbali. Taja siku utakazohitaji kuyaleta, na bei yako itadumu siku ngapi. Malipo yatafanywa siku 30 baada ya mizigo kupokewa na kupimwa kwa maikromita; bati lililopungua unene litarudishwa kwa gharama yako. Jibu lifike katika bahasha iliyofungwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku iliyotajwa juu.” Barua hiyo hiyo, neno kwa neno, iende kwa watatu siku moja. Mmoja akiuliza jambo, jibu lake wapelekewe wote. Neno la malipo lisiachwe, kwa kuwa muuzaji anayedhani atalipwa papo hapo hutoa bei mbali na yule anayejua atangoja mwezi.

Kosa jingine hufanywa na makarani wenye bidii. Hupata kwanza ankara kifani ya duka moja, kisha huinakili katika barua ya kuwaulizia wengine, pamoja na jina la kiwanda na rangi ya pekee iliyoko katika duka lile. Hapo wawili wameshindwa kabla ya kujibu.

Yako pia mambo ambayo si ya bahati mbaya. Twajua ya kuwa wako wauzaji ambao, wakiombwa bei moja, huleta wenyewe na nyingine mbili za kuisindikiza. Dalili zake huonekana kwa jicho la karani mtulivu: nambari moja ya simu au ya mlipa kodi katika karatasi mbili, kosa lile lile la herufi katika zote, au bei za wawili kuzidi za mmoja kwa kadiri ile ile katika kila kitu. Karani akiziona, aziandike katika jalada na kuwaulizia wauzaji wengine. Ajuaye akanyamaza akumbuke kwamba sahihi iliyo chini ya jedwali ni yake, na siku wakaguzi watakapokuja muuzaji hatakuwapo.

Bahasha na zifunguliwe na watu wasiopungua wawili, na kila mmoja atie herufi za jina lake penye bei. Asiyejibu aandikwe kuwa hakujibu. Wala asitafutwe jioni na kuambiwa bei za wenzake ili apate kujaza nafasi ya tatu.

Na juu ya yule muuzaji wa geji 30? Wako watakaosema aondolewe tu. Kama barua ilitaja unene, naam, aondolewe. Kama haikutaja, twaona ni dhuluma kumwondoa, na ni upumbavu kumnunua. Ofisi na iandike barua mpya kwa wote watatu na kuanza tena, ijapokuwa itachelewesha ukumbi kwa juma moja.