Usimwambie mfadhili "watu wengi", mwambie ni wangapi

Msee, kama kikundi chenu kimewahi kunyimwa ufadhili na hamjui mbona, rudini muangalie ile sehemu ya fomu inayotaka mueleze tatizo. Sisi ndipo tulipoangukia.

Tulikuwa tumeomba pesa za vyoo vya wasichana katika shule moja ya mtaani, Kibera. Kuandika nilipewa mimi, eti kwa sababu niliwahi kuingia chuo, hata kama sikumaliza. Nikaanza kwa kishindo: Kibera ina watu zaidi ya milioni moja na wengi wao hawana vyoo. Ombi likarudi na swali moja tu: idadi hii imetoka wapi?

Sikuwa na jibu. Hiyo milioni niliisikia tu, pengine hata wewe umeisikia. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Unaweza kuibishia hesabu hiyo, na mtaani wako wanaoibishia, lakini ubishi wako uje na hesabu yako. Anayesoma rundo la maombi akikushika umetia chumvi kwenye sentensi ya kwanza, ya pili hataiamini hata kama ni ukweli mtupu.

Na hata hiyo milioni ingekuwa kweli, ingetusaidia nini? Tulikuwa tunaombea shule moja. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea: tunaandika tatizo la nchi nzima, halafu tunaomba pesa za kutatua la ploti moja. Ushahidi utoke pale pale pesa zitakapoenda.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme shule ina wasichana 312. Usikadirie. Muombe mwalimu mkuu akuonyeshe rejista, na uandike tarehe uliyoiona. Kisha zunguka uhesabu vyoo mwenyewe. Tuseme viko vinne, lakini kimoja kimejaa na kimepigwa kufuli. Vinavyotumika ni vitatu, kwa hivyo kila choo kina wasichana 104. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza choo kimoja kwa wasichana 25. Pengo limeonekana, na hujatumia neno "wengi" hata mara moja.

Lakini usiishie hapo. Mfadhili anataka kujua pengo hilo linamuumiza nani, na kivipi. Kama mapumziko ni dakika 20 na kila msichana anatumia dakika mbili, choo kimoja kitahudumia wasichana kumi, vyote vitatu 30. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kuipima, omba ruhusa, usimame mbali kidogo siku tano za shule, na kengele ikilia uhesabu waliobaki kwenye foleni. Andika siku, saa na idadi, hata ile siku foleni ilikuwa fupi. Ukiificha hiyo, zile nne zingine zitaonekana za kupikwa.

Hapa kuna mtego. Utatamani kuandika kwamba wasichana wanaacha shule kwa sababu ya vyoo. Labda ni kweli, lakini wewe ulihesabu foleni, hukuhesabu walioacha shule. Andika ulichoona: kengele imelia na bado wako nje. Ukitaka kusema wanakosa masomo, muombe mwalimu aweke alama kwa wanaoingia darasani wakiwa wamechelewa, kisha utumie rejista hiyo. Picha nayo ni kiambatisho tu, maana inaonyesha choo kimoja siku moja. Na tafadhali, usiwapige picha wasichana.

Mwisho wa yote, maelezo yako yanaweza kuwa mafupi hivi: "Shule ina wasichana 312 kwa mujibu wa rejista yake. Ina vyoo vinne vya wasichana, kimoja kimefungwa, hivyo wasichana 104 wanatumia choo kimoja. WHO inapendekeza 25. Kwa siku tano tulihesabu waliobaki kwenye foleni mapumziko yakiisha. Idadi ya kila siku imeambatishwa. Hesabu hii ni ya shule hii pekee." Hiyo sentensi ya mwisho usiione kama udhaifu. Inamwambia msomaji kwamba unajua mipaka ya unachokijua.

Kabla ya kutuma, jiulize hivi: mgeni akichukua fomu hii aende pale bila mimi, atakuta nilichoandika? Kama kuna sentensi hataikuta, ifute.

Tulipoomba mara ya pili, mtu wa mfadhili alimpigia mwalimu mkuu kuuliza kuhusu rejista, kisha akaja kuhesabu vyoo mwenyewe. Alipata idadi ile ile tuliyoandika. Lile swali la "imetoka wapi" halikurudi tena.