Akidi ya Kikao: Nani Alikuwako, Tangu Lini, Hadi Lini



Ndugu zetu wasomaji, wengi wetu katika mwambao huu hukaa katika kamati: ya msikiti, ya madrasa, ya wakfu, au ya mazishi. Wiki hii tunazungumza na makatibu wa kamati hizo juu ya sehemu ya kwanza ya kumbukumbu za kikao, yaani mahudhurio. Sehemu hiyo huandikwa kwa haraka, nayo ndiyo inayoulizwa kwanza siku azimio linapopingwa.

Akidi ni idadi ya chini ya wajumbe ambayo bila ya hiyo kikao hakina uwezo wa kuamua. Sisi tulio katika madh-hebu ya Imamu Shafi si wageni wa jambo hili. Twajua kuwa sala ya Ijumaa huhitaji watu arubaini ambao ni wakazi wa mji. Msafiri aliyepita njia husali nasi na sala yake husihi, lakini hahesabiwi katika arubaini. Twajua pia kuwa idadi hiyo haitakiwi mwanzoni tu: wakipungua ndani ya sala, Ijumaa huvunjika na waliobaki hutimiza adhuhuri. Hatusemi kwamba kikao cha kamati ni ibada yenye hukumu hizo. Twasema kwamba kanuni mbili za akidi, yaani nani ahesabiwe na kwa muda gani, msomaji wetu anazifahamu tayari.

Tuchukue mfano. Kamati ya wakfu ina wajumbe 11, na katiba yake yasema akidi ni wajumbe 6. Kikao kimeitishwa saa 10:30 alasiri, baada ya sala ya Laasiri. Ajenda ni nne: kumbukumbu za kikao kilichopita, hesabu za fedha, ukarabati wa paa, na kukodisha duka la wakfu kwa miaka mitano.

Ilipofika saa 10:30 walikuwako wajumbe 5, pamoja na mwalimu mkuu wa madrasa na fundi wa paa walioalikwa. Vichwa 7 vimo chumbani, lakini akidi haijatimia, kwa kuwa waalikwa ni kama yule msafiri wetu. Katibu huwaandika chini ya kichwa chao, "Waalikwa", wala hawachanganyi na wajumbe. Saa 10:50 aliingia mjumbe wa sita, na mwenyekiti akafungua kikao. Katibu ataandika hivi: "Kikao kilifunguliwa saa 10:50 baada ya akidi ya wajumbe 6 kutimia." Asiandike saa 10:30 kwa sababu tu ndiyo iliyo katika barua ya mwaliko. Akiandika hivyo, atakuwa ameshuhudia kuwa kamati ilianza kazi ikiwa na watu 5.

Sasa tuwatazame wajumbe 5 ambao hawakuwako wakati huo. Wawili walituma udhuru kwa katibu kabla ya kikao, mmoja kwa simu na mwingine kwa barua. Hao huandikwa chini ya "Waliotoa udhuru", jina pekee latosha. Haipendezi kuandika kuwa fulani anaugua kitu fulani, kwani kumbukumbu husomwa na wengi na hukaa miaka. Wawili wengine hawakusema lolote, nao huandikwa chini ya "Wasiohudhuria bila udhuru". Tofauti hii ina uzito, kwa sababu katiba nyingi humwondoa mjumbe aliyekosa vikao vitatu mfululizo bila udhuru. Udhuru ulioletwa wiki moja baadaye na rafiki haubadilishi kilichokwisha andikwa. Ukitaka kukubaliwa, na ukubaliwe katika kikao kinachofuata na uandikwe huko. Na ieleweke: udhuru humwondolea mtu lawama, lakini haumhesabu katika akidi wala haumpi mwenziwe kura yake.

Mjumbe wa tano aliingia saa 11:10, wakati hesabu za fedha zikijadiliwa. Huyu amehudhuria, kwa hivyo jina lake huingia katika orodha ya waliohudhuria, na mbele yake huandikwa: "aliingia saa 11:10, katika ajenda ya 2". Kisha, ndani ya maelezo ya ajenda hiyo, katibu huweka mstari mmoja pale pale alipoingia: "Mjumbe fulani aliingia, wajumbe sasa ni 7." Saa peke yake haitoshi, kwa kuwa maazimio hayaandikwi kwa saa bali kwa ajenda. Mjumbe huyo hakushiriki kupitisha ajenda ya kwanza, na kumbukumbu zisimtie humo.

Saa 11:35, baada ya suala la paa kuamuliwa kwa kauli moja ya wajumbe 7, wajumbe wawili waliomba ruhusa wakaondoka. Katibu aliandika majina, saa, na "kabla ya ajenda ya 4". Waliobaki ni 5. Hapa ndipo katibu humnong'oneza mwenyekiti kuwa akidi imevunjika. Waliobaki waweza kuzungumza na kupeana habari, lakini duka hawawezi kulikodisha. Kinachoandikwa ni: "Kwa kuwa walibaki wajumbe 5, akidi haikuwako. Ajenda ya 4 iliahirishwa hadi kikao kijacho."

Fikirini sasa lau katibu angeandika mahudhurio juu ya ukurasa, "Waliohudhuria: 7", na chini yake, "Kamati iliazimia kumpa fulani duka." Msomaji angedhani saba waliamua. Mwombaji aliyekosa duka angewauliza wale wawili walioondoka, nao wangesema kweli kwamba hawakuwako. Mkataba wa miaka mitano, na kodi ambayo ni haki ya wanufaika wa wakfu, vyote vingeingia katika mgogoro kwa kukosa mstari mmoja.

Iko njia rahisi ya kujipima. Kabla ya kumbukumbu kutiwa saini, katibu ashike kila azimio na ajiulize: wakati huu, walikuwako chumbani wajumbe wangapi, na ni akina nani? Jibu lipatikane katika karatasi yenyewe, si katika kichwa chake. Na palipopigwa kura, za ndiyo, za la na za waliojizuia zikijumlishwa zilingane na idadi hiyo. Zikipungua moja, ama mtu alitoka bila kuandikwa, ama kura haikuhesabiwa vyema. Aliyetoka kutia udhu au kupokea simu, na azimio likapitishwa nyuma yake, naye huandikwa kuwa alitoka na alirejea.

Kosa likigunduliwa baadaye, lisifutwe kwa siri. Husomwa katika kikao kinachofuata, neno la zamani likapigwa mstari na kubaki likisomeka, la sahihi likaandikwa kando, na mwenyekiti na katibu wakatia saini fupi hapo. Kama azimio lilipitishwa bila akidi, kusahihisha idadi hakulitibu. Lirejeshwe mbele ya kikao chenye akidi na liamuliwe upya.

Katika aya ya deni ya Suratul Baqara, Mola wetu amemtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Katibu wa kamati naye yumo katika wajibu huo: aliyekuwako aandikwe kwa muda aliokuwako, usizidi wala usipungue.

Wabillahi tawfiq.